Koroma Nililolitungia Mtu Mwingine

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka ishirini na minne, ninaitikia katika kikundi kidogo cha taarabu pale Ngamiani, Tanga, na nilikuwa nimeanza kutunga. Nyimbo zangu mbili za mapenzi zilikuwa zimeshaimbwa harusini na watu walizipenda, lakini hakuna aliyekuwa ameniletea wimbo wa kazi. Wimbo wa kazi ni ule ambao mtu anakuja usiku, anakaa barazani, anaongea mambo ya bei ya samaki kwa nusu saa, halafu anateremsha sauti na kukwambia yuko mtu anataka kumpasha.

Aliyenijia alikuwa shoga wa mama. Mume wake, baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa, alikuwa ameoa mke wa pili, msichana mdogo tu. Kuolewa kwenyewe hakukumchoma kama maneno yaliyofuata. Bi mdogo alikuwa akipita bombani na kwa mangi akisema kwamba kule nyumba kubwa kumebaki makapi. Shoga wa mama alitaka jibu, na alitaka litoke mdomoni mwa mwimbaji, mbele ya wanawake wote wa mtaa, kwenye harusi iliyokuwa inakuja baada ya wiki tatu.

Nilikaa siku mbili nikatunga. Niliona nimepata:

*Umechukua wa watu, watamba barabarani,*
*Huna mwiko wala utu, hujui jambo jikoni,*
*Nyumbani hamna kitu, ila shanga kiunoni.*

Ukihesabu utakuta kila kipande kina mizani nane, mstari mzima kumi na sita, na vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawa. Hiyo ndiyo beti ya taarabu tuliyorithi, mistari mitatu, halafu kiitikio. Hata ule mwiko niliuweka makusudi, kwa kuwa mwiko ni wa kusongea ugali na mwiko ni jambo lisilofanywa. Nikaupeleka kwa mzee aliyekuwa ananifundisha kutunga. Alikuwa mtu wa zama za kikundi cha Black Star, siku zile Tanga ilipoingiza magita kwenye taarabu, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo nilikuwa ninamsomea.

Alisikiliza, akaniomba nirudie, akauliza, "Mwanangu, huyu bi mdogo akisimama akasema umemtukana, utamjibu nini?"

Nikanyamaza.

"Huna la kumjibu. Umesema *umechukua*. Umesema *huna*. Umemnyooshea kidole mara mbili kabla beti haijaisha. Kesho asubuhi mashoga zake watakuja na ngoma mlangoni kwa mama yako kukusuta, na watakuwa na haki. Hili ni tusi lililovalishwa vina."

Kisha akanieleza jambo ambalo mpaka leo ndilo ninaloanza nalo nikikaa kutunga. Fumbo lazima liwe na nyumba mbili zilizokamilika. Nyumba ya nje ni ile anayoingia mgeni asiyejua lolote, mtu aliyetoka Korogwe kuja harusini, akasikia wimbo wa maua au wa jahazi au wa mapishi, akaupenda kama ulivyo bila kuhisi amefichwa kitu. Nyumba ya ndani ni ya anayehusika. Nyumba ya nje ikiwa na ufa, kila mtu atachungulia. Ikiwa imara, anayehusika atachomeka na hatakuwa na pa kushika, kwa sababu akiinuka kulalamika ataulizwa, "Kwani umetajwa? Kama si wewe, unajishuku nini?" Kwa kuinuka kwake atakuwa amewatangazia na wale waliokuwa hawajui.

Akanipa na dawa ya ile *wewe*. "Jitie mwenyewe ndani ya wimbo. Kosa lichukue wewe. Sema *mimi nilifanya*. Hakuna anayeshtakiwa kwa kujisema."

Nikarudi nyumbani nikakaa jikoni kwa mama. Mama alikuwa anafua nazi, akalipata moja halijakomaa, akalitupa pembeni huku analalamika kwamba muuzaji amempunja. Hapo wimbo ukanijia. Mtu wa pwani anajua kwamba nazi ina umri. Inaanza kidaka, inakuwa kitale, inakuwa dafu, halafu inapita kwenye koroma kabla ya kuwa nazi yenyewe. Koroma ndilo lenye mkosi katika wote. Maji yake yameshapoteza utamu wa dafu, na nyama yake haijapata tui la nazi. Kwa umbo linafanana na nazi kabisa, na asiyejua atalibeba. Msichana anayejiona mwanamke kamili kabla ya wakati hakuna jina litakalomkaa vizuri zaidi ya hilo.

*Niliangua koroma, kwa haraka ya kupata,*
*Kulikuna likagoma, kukamua nikajuta,*
*Ajuaye kulipima, hugonga kabla kukata.*

Na kiitikio:

*Nazi yataka mpishi, si kila mpita njia.*

Mzee alicheka, akapiga goti lake kwa kiganja. Alipenda zaidi kwamba mwenye haraka katika wimbo ni *mimi*, wakati kila mtu mwenye kujua angejua aliyekuwa na haraka ni mume. Mkwezi akiwa juu ya mnazi huligonga tunda na kusikiliza sauti yake kabla hajalikata, na yule bwana hakugonga. Kwa hiyo kijembe kimoja kilikuwa na ncha mbili. Nikajiona nimefika.

Mazoezini hatukuwaambia wanamuziki lolote, na hiyo nayo ni kanuni. Mpiga kinanda akijua, atacheka mahali pa kijembe. Mwimbaji akijua, macho yake yataenda kwa mhusika yenyewe, na nyumba ya nje itabomoka. Mwimbaji wetu aliimba kama anayesimulia mapishi kweli, kwa huzuni kidogo pale kwenye *nikajuta*, na alikuwa anaipatia kuliko kama angejua.

Sasa nieleze mambo ya kutunza, kwa sababu huko ndiko nilikoanguka.

Asiyeyajua mambo yetu anaweza kudhani kutunza ni kumzawadia mwimbaji kwa sauti nzuri. Ni hivyo, na tena zaidi ya hivyo. Mwanamke anaanza kuinuka mahali alipokaa, anacheza taratibu kuelekea jukwaani na noti yake mkononi, na anapima mwendo wake ili afike kwa mwimbaji katika mstari anaoutaka. Mstari anaoutolea pesa ameufanya wake. Akipenda ataipunga ile noti hewani, atapitia mbele ya mtu fulani, atageuza shingo kidogo. Hajasema neno hata moja, na kila aliyekaa mkekani ameshaelewa kwamba maneno yale sasa yanasemwa na yeye na yanamwendea nani. Mtunzi wakati huo hana mamlaka tena. Wimbo mmoja unaweza kutunzwa na wanawake kumi kwa ugomvi kumi.

Nilikuwa ninalijua hilo tangu utoto, lakini sikuwahi kulifikiria nikiwa na kalamu mkononi.

Usiku wa harusi turubai lilifungwa katikati ya barabara, mikeka ikatandikwa, wanawake wakajaa na sare zao. Bi mdogo alikuwepo, amekaa mstari wa pili. Shoga wa mama alikuwa upande wa pili na noti za mia mbili amezikunja ndani ya kiganja. Na karibu na nguzo alikuwa amekaa dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, pamoja na wifi yake.

Dada alikuwa amejifungua miezi mitano kabla ya hapo. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mtoto aliishi siku nne, na katika siku zile nne maziwa hayakutoka. Mimi nilikuwepo. Nilimwona anakamua na kulia. Na huyu wifi alikuwa amesema mbele ya watu, matanga hayajaisha, kwamba kaka yake ameoa tumbo lisilobeba.

Usome tena ule wimbo sasa. *Niliangua koroma, kwa haraka. Kukamua nikajuta.*

Nilipousikia kwenye spika, mstari wa pili, ndipo niliposikia kile ambacho dada anasikia. Mikono iliniganda nikiwa jukwaani, nikakosa kuitikia. Nikageuka nikamtazama, naye alikuwa anatazama mkeka. Kabla sijajua la kufanya, wifi yake ameshainuka. Alicheza polepole, akazunguka ile nguzo, akapita mbele ya dada na noti ameinua juu, na akafika kwa mwimbaji pale pale kwenye *kukamua nikajuta*. Akaibandika ile noti kwenye paji la uso wa mwimbaji. Wanawake wawili watatu waliokuwa wanaijua habari wakashusha macho. Mwimbaji akafurahi kwamba ametunzwa, akaurudia mstari. Akaurudia mara tatu.

Bi mdogo je? Alinyanyuka naye, anang'aa, akatunza kwenye *ajuaye kulipima*. Alijichukulia kuwa yeye ndiye nazi iliyogongwa ikakubaliwa. Shoga wa mama alibaki amekaa na noti zake mkononi.

Katika mambo yetu kuna kosa moja ambalo aliyeimbiwa hatakiwi kulifanya, nalo ni kuinuka akaondoka. Akiondoka amekubali. Dada alikuwa ameshajikusanya, ameshika kanga yake aondoke. Bibi yetu, aliyekuwa amekaa nyuma yake, alimshika kiwiko. Akamtia noti mkononi, akainuka naye, wakaenda jukwaani wakiwa wameshikana, bibi anacheza kwa magoti yake mabovu. Wakafika kwenye mstari wa tatu: *ajuaye kulipima, hugonga kabla kukata*. Bibi alipofika akageuka, akamtazama wifi, akatabasamu. Kwa tendo lile aliugeuza wimbo. Sasa dada ndiye aliyekuwa mjuzi, na mwenye pupa alikuwa mwingine. Watu wakapiga vigelegele. Lakini niliona mikono ya dada inatetemeka alipokuwa anatoa ile noti.

Usiku ule nilimfuata nyumbani. Nikamwambia wimbo nimetunga mimi, na nimemtungia mtu mwingine kabisa. Akaniambia, "Najua si mimi. Ila uliniona nikikamua, na neno hilo umelitia." Sikuwa na jibu, na mpaka sasa sina.

Siku tatu baadaye nilikwenda kwa mzee nikiwa nimeamua kuacha. Nikamsimulia yote. Hakunipoza. Aliniuliza, "Kabla ya harusi, watu wangapi walikuwa wanajua ugomvi wa bi mkubwa na bi mdogo?" Nikamwambia labda watano, kwa sababu shoga wa mama alikuwa anaona haya. Akatikisa kichwa. Fumbo, alisema, ni kufuli, na ufunguo wake ni habari iliyokwisha tembea mtaani. Habari ikiwa imetembea, wimbo ukiimbwa wote wanafungua mlango mmoja. Isipotembea, kila mmoja atatia ufunguo alionao mfukoni, na ufunguo uliokuwa umejaa mifukoni usiku ule ulikuwa wa dada yangu. Mtunzi kabla hajauachia wimbo inampasa ajue mtaa unazungumza nini wiki ile, hasa misiba yake. Aupitishe kwanza kwenye masikio ya aliyefiwa, ya tasa, ya aliyeachwa, ya mwenye mtoto mgonjwa.

Kisha akasema, "Hebu usome tena. Mlango uliomwingiza dada yako ni neno gani?"

Nikasoma. Nilidhani ni *kukamua*. Akasema hapana, *kukamua* peke yake ni tui. Neno lililofungua ni la kwanza kabisa, *niliangua*. Kuangua ni kutungua nazi, lakini kuku naye huangua, na kinachoanguliwa ni kifaranga. Tangu neno la kwanza wimbo ulikuwa umeshamwita mama na mtoto wake, na baada ya hapo *haraka* ikawa mimba ya miezi saba na *kukamua* kukawa ziwa. Maneno yale matatu yalishikana mikono bila mimi kuyatuma.

"Tafuta neno la mizani hiyo hiyo," akasema.

Ilinichukua jioni nzima. *Niliangua koroma* ni mizani nane. *Nilinunua koroma* ni mizani nane vilevile. Na nikibadili hapo, mstari wa tatu hauwezi kubaki na mkwezi anayekata, kwa sababu sasa tuko sokoni. Nikapata hivi:

*Nilinunua koroma, kwa haraka ya kupata,*
*Kulikuna likagoma, kukamua nikajuta,*
*Ajuaye kulipima, hugonga kabla kuleta.*

Angalia kilichotokea. Hakuna tena anayeweza kumwingiza mama aliyefiwa na mtoto, maana mtoto hanunuliwi. Nyumba ya nje imekuwa imara zaidi, kwa sababu kila mwanamke amewahi kupunjwa nazi sokoni. Na nyumba ya ndani imekuwa kali kuliko mwanzo: *kununua* kumegusa mahari, na *kuleta* kumegusa kule kumleta mke nyumbani. Yule bi mdogo asingeweza tena kujifanya nazi iliyochaguliwa, kwa kuwa aliyegongwa akaletwa kwa utaratibu alikuwa wa kwanza. Yale niliyoyabadili ili kumkinga asiyehusika ndiyo yaliyomfikia anayehusika. Tangu hapo, nikiona wimbo unaumiza wasio wake, ninajua pia kwamba haujanoleka, ninarudi kwenye neno la kwanza.

Uliimbwa hivyo miezi michache baadaye kwenye harusi ya Makorora, habari ikiwa imeshatembea. Shoga wa mama alitunza kwenye *kuleta*. Bi mdogo hakuinuka safari ile, na maneno ya bombani yakakoma. Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nilikuwa nimeanza kumwona naye kama msichana aliyeolewa na mtu aliyemzidi umri sana, aliyetupwa katikati ya vita asivyovianzisha peke yake. Lakini maneno yake yalikuwa yake, na alijibiwa kwa adabu.

Ninayasema haya kwa sababu ya mipasho ninayoisikia siku hizi. Ilianza kukolea miaka ile ile ya tisini, vikundi vya TOT na Muungano walipokuwa wanajibizana Dar es Salaam na miji yote inafuata, na sina ugomvi na nyimbo zile. Zilikuwa na raha yake na waimbaji wake walikuwa mafundi wa jukwaa. Ila mpasho unapomwambia mtu waziwazi yeye ni nani na amefanya nini, unamwachia mlango mmoja tu, wa kurudisha tusi. Fumbo linamwachia nafasi ya kukaa kimya bila kuaibika, akalichukua nyumbani akaliwaza. Majirani wanaochota bomba moja wanaihitaji nafasi hiyo.

Kwa dada nilirudi baada ya miaka mitatu, au niseme yeye ndiye aliyenijia. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka miwili na mwingine yuko tumboni. Alikaa jikoni kwangu, akaongea mambo ya bei ya samaki. Halafu akateremsha sauti.

"Ulinitungia koroma bila kunikusudia," akasema. "Sasa nitungie kwa kunikusudia."

Nilimuuliza anataka wimbo umwendee nani, ingawa nilijua. Akasema hataki umchome mtu, anataka tu usikike. Tulikaa pamoja tukatafuta. Yeye ndiye aliyetoa neno *kidaka*. Alisema kidaka huanguka chenyewe, umelala usiku unakisikia kinagonga bati, na asubuhi mnazi umesimama pale pale.

*Kidaka kikidondoka, mnazi hauna kosa,*
*Upepo ulipofika, haukubisha kabisa,*
*Na shina halikung'oka, lazaa mpaka sasa.*

Uliimbwa harusini kwa ndugu wa mume wake. Mgeni yeyote pale alisikia wimbo wa shamba. Dada aliinuka kwenye mstari wa pili, mtoto wake amempakata kiunoni, na akafika kwa mwimbaji kwenye *lazaa mpaka sasa*. Noti hakuitoa yeye. Alimpa mtoto, na mtoto akanyoosha mkono kumpa mwimbaji, watu wakacheka kwa furaha. Hakuzunguka nguzo wala hakupita mbele ya mtu.

Wifi yake alikuwa amekaa mkekani, mikono juu ya magoti. Mwimbaji aliporudia beti kutoka mwanzo, aliinuka. Alicheza taratibu, macho chini, akafika kwenye *mnazi hauna kosa*, akatunza hapo, akarudi akakaa. Njiani alipita karibu na dada, akamshika mtoto kidogo mguuni.

Hakuna aliyemuuliza chochote, na yeye hakusema.